Gugli ya legspini: uisome mkononi, hewani, au uisubiri idunde?

Krizi_Upanga:
Wakuu wa kriketi, naomba tulinganishe. Napiga kwa mkono wa kulia. Mrushaji ni mlegspini wa mkono wa kulia, kasi yake kama kilomita 80 kwa saa, na kila ova anatia gugli moja au mbili, yaani mpira unaofanana na legbreki, ule wake wa kawaida unaotoka nje, ila wenyewe unaniingia ndani. Naziona njia tatu: kuangalia mkono wakati anaachia, kuangalia mshono mpira ukiwa hewani, au kusubiri udunde ndiyo niamue. Ipi ya kutegemea, na kwenye mkono naangalia nini hasa?

Mkunjo:
Anza na muda, maana ndio unaoamua. Kutoka krizi hadi krizi ni mita 17.7. Kwa kilomita 80 kwa saa, mpira unakufikia kwa sekunde 0.8 hivi. Ukidunda mita tatu mbele yako, umebakiwa na takriban sekunde 0.15, na jicho na mwili vinahitaji kama 0.2 ili vibadilishe uamuzi. Kwa hiyo njia ya tatu, ukiwa umeshaupeleka mguu mbele, ni kubahatisha. Inafaa tu ukiwa umerudi nyuma kwenye mpira mfupi.

Sasa mkono. Usimfuate anapokimbia. Mwangalie kwa jumla, na anaporuka hatua ya mwisho peleka macho mahali mkono utakapoachia, juu kidogo ya kichwa chake upande wa bega la kulia. Yasubiri hapo. Ukiukimbiza mkono kwa macho tangu kiunoni utachelewa, kwa sababu mkono una kasi kuliko macho yako.

Kwenye legbreki utaona upande wa ndani wa mkono: sehemu ya kiganja, kidole gumba, na mpira ukitokea pembeni. Kwenye gugli kifundo cha mkono kimezungushwa zaidi kabla ya kuachia, kwa hiyo unaona mgongo wa mkono na vifundo vya vidole, na mpira unatoka juu ya kidole cha mwisho. Kidole cha pete ndicho kinachozungusha katika zote mbili. Ndiyo maana ukitazama vidole peke yake hutapata jibu.

Bomba_la_Ofu:
Kifupi: ukiona mgongo wa mkono ni gugli, basi. Tena gugli huja juu zaidi na polepole. Ukiona mpira umepaa, cheza kama unaingia ndani.

Mkunjo:
Nusu ya hayo ni kweli, kaka. Wengi gugli yao hupaa, kwa sababu wakizungusha kifundo kiasi hicho mkono hupanda karibu na sikio na mpira hutoka juu. Ila kati ya legbreki na gugli kuna topspina. Pale kifundo kimezunguka nusu njia, unaona ukingo wa mkono upande wa kidole cha mwisho, na kwa kutupia jicho haraka utadhani umeona mgongo. Nayo pia hupaa, ila hushuka ghafla, ikadunda ikaenda moja kwa moja. Aliyeisoma kama gugli ataufungua mpigo kuelekea upande wa mguu, mpira uguse ukingo wa juu wa bati upae. Kwa hiyo usijiulize kama umeuona mgongo. Jiulize umeuona kiasi gani.

DadaWaNeti:
Naongezea bega. Ili mgongo wa mkono umwelekee mpigaji, warushaji wengi hulazimika kuliangusha bega la kushoto mapema na kukiinamisha kichwa upande huo. Dalili hiyo inatokea kabla mpira haujaachiwa, kwa hiyo inakuongezea muda. Mimi ningemfundisha mpigaji bega kwanza, kifundo baadaye.

Mkunjo:
Hapo tunatofautiana, dada. Mrushaji mjanja hurusha topspina kwa bega lilelile, halafu bega linakuwa mtego. Kifundo hakiwezi kudanganya, kwa sababu ndicho kinachoupa mpira mzunguko.

DadaWaNeti:
Kifundo hakidanganyi, lakini kinaonekana kwa muda mfupi mno. Mpigaji wa ligi ya wikendi anaona bega mara kumi kabla hajaona kifundo mara moja. Nabaki na bega.

ShotoWaParklands:
Mimi napiga kwa shoto, na gugli bado inanifanya nidakwe na slipu, yule anayesimama nyuma ya bati. Hapa Nairobi tunakumbuka Februari 2003, mlegspini wetu Collins Obuya alivyowapata Sri Lanka wiketi 5 kwa mbio 24. Je, kwa shoto gugli inasomwaje? Na nikitaka kuirusha mwenyewe, naanzia wapi?

Mkunjo:
Kuirusha ni mada yake, ndugu, fungua uzi mpya tutakuja. Kwa shoto mkono ni uleule, kinachobadilika ni hatari. Kwako legbreki ndiyo inayoingia na gugli ndiyo inayotoka nje, kwa hiyo ukiikosea unaguswa ukingo wa nje, na slipu anasubiri. Ukishaona mgongo wa mkono, usiufukuze mpira ulio nje ya ofu.

Krizi_Upanga:
Na hewani je? Kuna warushaji ambao mkono sioni kitu.

DadaWaNeti:
Hewani tazama mshono umeinama wapi. Legbreki nzuri mshono unaelekea slipu, na kwako wewe wa mkono wa kulia mpira unazunguka kama mishale ya saa. Gugli mshono unaelekea nyuma yako upande wa mguu, na mzunguko ni kinyume. Inasomeka vizuri mpira ukiwa mpya na mrushaji akiwa msafi. Mshono ukitoka umetapakaa, hakuna cha kusoma.

Na mrushaji ambaye mkono wake ni mgumu kusoma ni kama Rashid Khan wa Afghanistan. Mkono wake unapita haraka, vidole vinafanya kazi kubwa, na bega halianguki waziwazi. Kasi yake pia iko juu, kwa hiyo hata zile sekunde 0.8 huzipati. Waliobobea wanamkosea.

Bomba_la_Ofu:
Sasa ukishindwa kusoma kabisa?

Mkunjo:
Punguza umbali kati ya mdundo na bati. Chukua mpira unaogeuka kwa nyuzi 5. Ukiukuta sentimita 30 baada ya kudunda, umesogea sentimita 2.6 tu. Bati lina upana usiozidi sentimita 10.8, kwa hiyo ukilenga katikati bado mpira uko ndani ya bati, uwe legbreki au gugli. Ukiukuta sentimita 150 baada ya kudunda, umesogea 13, na hapo bati lote umelipita. Kwa hiyo mpira mrefu ufuate hadi unapodunda, bati na pedi vikiwa karibu ili gugli isipite katikati. Mfupi, rudi nyuma kabisa. Kinachoua ni hatua nusu mbele.

Na kwa mazoezi: neti, mipira 24, mrushaji asimame mita 10 na asikimbie. Huna bati. Taja "legi", "gugli" au "topu" kabla mpira haujadunda, mwenzako aandike. Mwambie adundishe mahali palepale kila mara, la sivyo utaanza kusoma mstari badala ya mkono, na alama zako zitakudanganya. Ukipata 18, mrudishe umbali kamili na mbio zake zote.

DadaWaNeti:
Na mwenzako wa upande wa pili mtumie. Yeye yuko hatua chache tu kutoka kwenye kifundo, anakiona kwa nyuma. Baada ya ova muulize gugli ilikuwa mpira wa ngapi na bega lilifanyaje.

Krizi_Upanga:
Jumamosi naanza na mita 10. Mkunjo, kama mrushaji wa mazoezi hana gugli ya kweli, akitupa tu offspini kwa kifundo cha kawaida itasaidia?

Mkunjo:
Hapana. Offspini hutoka na kiganja kikikutazama. Utazoea mpira unaoingia bila kuuona mgongo wa mkono hata mara moja.