Dashibodi ya bei za mazao inabandika tarehe ya leo kwenye bei ya zamani

Ndugu wakulima, nimekasirika na sitaficha. Dashibodi tunayohimizwa kuitazama kila asubuhi, inayojazwa bei kwa ujumbe wa simu kutoka kwa wafanyabiashara, ilionyesha kuwa mahindi katika soko la Kibaigwa ni shilingi 560 kwa kilo, tena kwa tarehe ya siku hiyohiyo. Mnunuzi aliyefika shambani alinionyesha bei hiyo, akatoa shilingi 50 za usafiri na ushuru, nami nikamuuzia magunia 30 ya kilo mia mia kwa 510. Jirani yangu aliyepeleka mzigo sokoni siku hiyo aliuza kwa 680. Hata nikitoa zile 50 za usafiri na ushuru, tofauti ya shilingi 120 kwa kilo 3,000 ni shilingi 360,000, na hiyo ndiyo mbolea yangu ya msimu ujao.

Nilipofuatilia nilijibiwa kwamba siku ambayo hakuna mfanyabiashara aliyetuma ujumbe, mfumo hurudia bei ya mwisho na kuipa tarehe mpya. Dalili ilikuwepo: 560 ileile tangu Jumatatu hadi Ijumaa, ilhali soko linalopokea mahindi kutoka Kongwa na Kiteto haliwezi kukaa juma zima bila bei kusogea hata shilingi moja. Nataka kila bei iandikwe tarehe ya ujumbe wa mwisho na idadi ya waliotuma, na zikipita siku mbili bila ujumbe, nafasi iachwe wazi.

Mchangiaji wa 2: Pole sana. Suluhisho ni wachukue wastani wa bei za wafanyabiashara wote.

Mchangiaji wa 3: Wastani unasaidia pale wanaotuma wanapokuwa wengi. Akituma mmoja, wastani ni bei yake yeye. Vilevile, hata wakiwa watano, mmoja akiandika bei ya debe na mfumo ukaisoma kuwa ya kilo, wastani utaharibika. Bei inayokaa katikati zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa ingestahimili kosa hilo. Hata hivyo, hakuna hesabu inayoponya ujumbe ambao haukutumwa.

Mchangiaji wa 4: Huku Njombe tunaumizwa na lumbesa. Bei inaandikwa ya gunia, lakini gunia la viazi linajazwa hadi kupita kilo 100. Hiyo dashibodi inalijua gunia lipi?

Mchangiaji wa 5: Mimi ni mfanyabiashara na ninatuma bei. Salio ni langu, na siku ambayo sikununua sina bei ya kutuma. Msituite wezi.

Mwanzisha uzi: Ndugu mfanyabiashara, sikukuita mwizi. Lakini wewe unayetaja bei ndiwe unayenunua, na bei ikipanda, ukimya wako unakufaidisha wewe na kuniumiza mimi. Kwa nini karani wa mizani, anayeona kila mzigo ukipimwa, asiwe miongoni mwa wanaotuma?

Mchangiaji wa 5: Karani huona uzito. Bei tunapatana pembeni na muuzaji, na karani haisikii.