Mrejesho: Kufungua mdahalo wa chuo, Tanga

Niliuliza: “Wakuu, Jumamosi naongoza mdahalo wa chuo hapa Tanga. Hoja, timu na kanuni, naanza na kipi?”

Asanteni sana wote. Nilimfuata aliyesema nianze na hoja. Niliisoma mara mbili, taratibu, neno kwa neno: “Kikao hiki kinaamini bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya jiji.” Ukumbi ukatulia. Kisha timu: watetezi kulia kwangu, wapinzani kushoto, majina kwa mpangilio wa kuzungumza, bila kumsifia yeyote.

Kwenye kanuni niliteleza. Nilisema kila mmoja ana dakika 7 na kengele italia dakika ya 1, ya 6 na ya 7, lakini sikueleza maana ya kila mlio. Msemaji wa kwanza wa wapinzani aliposikia ya dakika ya 6 akakunja karatasi, akaketi. Iliniuma. Nikasimamisha mdahalo, nikafafanua: mlio wa kwanza unafungua nafasi ya upande wa pili kusimama na kuomba kuuliza, wa pili unaifunga, imebaki dakika moja, milio miwili mfululizo ndiyo mwisho. Nikamrudishia dakika yake. Waliofuata walimaliza vizuri.