Tupeane uzoefu: rosta imebadilishwa, umeikubali, ila siku moja huwezi kabisa

Nesi wa Wodi ya Wazazi
Habari za jioni wapendwa. Wodini kwetu mwenzetu ameanza likizo ya uzazi mapema, rosta ikapangwa upya katikati ya mwezi. Sikuwa na neno, maana pengo lilikuwa la kweli. Shida ilikuwa Jumatano: nimewekwa asubuhi, na asubuhi hiyohiyo nimeitwa mahakama ya mwanzo kwenye shauri la mirathi ya baba. Mimi ndiye mwombaji wa usimamizi, siwezi kutuma mtu.

Nilimwandikia inchaji siku ileile rosta ilipobandikwa:

"Shikamoo Sista. Rosta mpya nimeiona na nitaifuata. Naomba unisikilize kwa siku moja tu, Jumatano asubuhi. Nimeitwa mahakamani kwa mirathi ya baba na lazima niwepo mwenyewe, wito ninao. Mwenzangu wa zamu ya mchana yuko tayari tubadilishane, yeye aingie asubuhi, mimi mchana. Naomba ruhusa yako."

Akajibu: "Marahaba. Jumatano nimekuelewa, ila huyo hapana." Mwenzangu huyo Jumanne anatoka saa 2:30 usiku. Akiingia Jumatano saa 1:30 asubuhi amepumzika saa 11 tu, hapo bado daladala za kwenda na kurudi. Nikampata mwingine aliyekuwa ofu Jumatano, akaniachia Jumapili yake. Inchaji akakata majina kwenye rosta ya ukutani, akasaini pembeni. Ninyi mlifanyaje?

Kijana wa Tegeta
Dada umejinyima haki yako. Rosta ikishabandikwa kisheria haibadilishwi mpaka mfanyakazi akubali. Ungekataa tu.

Inchaji Mstaafu
Mwanangu, hapo umechanganya. Rosta kupangwa upya pengo linapotokea ni kazi ya msimamizi. Lenye kinga ni pumziko: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi, na saa 24 kila wiki. Ndiyo maana huyo Sista alikataa jina la kwanza akakubali la pili.

Nimepanga rosta miaka mingi. Ujumbe wa kwanza ulionisumbua ulikuwa wa mtu anayeandika "hii rosta mpya siiwezi". Sijui ni siku gani, zamu gani, wala nani ataziba. Huyu dada ametaja siku, zamu na mtu, nami ningebaki na kazi ya kukagua tu. Halafu msidharau ile saini ya pembeni. Mkibadilishana kwa mdomo, siku mwenzako asipotokea na mgonjwa akapata shida, jina linaloulizwa ni lililo ukutani.

Mlinzi wa Usiku
Sisi lindoni zamu ni saa 12 na hakuna wa kubadilishana naye, posti ina watu wawili tu. Mtoto wangu alipopangiwa upasuaji nilimpigia supavaiza simu, kisha nikamtumia na ujumbe ili ubaki. Nilimwambia: "Bosi, usiku wa wiki nzima nitaingia kama ulivyopanga, ila Alhamisi naomba rilifu, Ijumaa alfajiri mtoto anaingia tieta." Alinipa. Nadhani kilichosaidia ni kumwambia mapema, kwa sababu rilifu hupangwa na ofisi, siyo yeye.

Mama Pacha
Na mimi nauliza, likizo yangu ya mwaka imeahirishwa mara ya pili, nimwandikie nani?

Inchaji Mstaafu
Mama Pacha, hiyo ni habari nyingine, ya likizo. Ifungulie mada yake, nitakuja.

Wa Hotelini, Mombasa
Huku kwetu saa za wageni zikibadilika, rosta yabadilika hata mara mbili kwa wiki. Mimi husema, "Sawa, nitaingia, isipokuwa Ijumaa nina jambo la kifamilia." Sielezi zaidi. Mambo ya nyumbani ukiyapeleka kwa supavaiza, kesho yako jikoni yote.

Nesi wa Wodi ya Wazazi
Ndugu wa Mombasa, hapo nami nilisita. Mirathi ina mambo ya ndani. Lakini "jambo la kifamilia" wodini kwetu kila mtu analo, nikaona nitaje mahakama bila kueleza ugomvi wa ndugu.

Inchaji Mstaafu
Mimi nilikuwa nataka nijue ni jambo linaloweza kuahirishwa au la. Undani sikuuhitaji.

Wa Hotelini, Mombasa
Msimamizi kama wewe sawa. Wangu angeuliza mpaka jina la hakimu. Nitaendelea na "la kifamilia" langu.

Mlinzi wa Usiku
Mimi upasuaji niliutaja wazi, na hata sasa sijui kama ningepewa rilifu nisingeutaja.