Mstari mweupe kwenye siti skani ya kichwa: damu imevuja au mshipa umeziba?

Habari zenu wakubwa. Nasoma utabibu hapa Tabora, naomba ushauri. Najua damu iliyovuja huonekana nyeupe, na sehemu iliyokosa damu huwa nyeusi baadaye. Saa za mwanzo picha inaweza kuonekana ya kawaida kabisa.

Jana nimekosa swali: mzee wa miaka 68, saa 2 tangu apooze upande wa kulia na kushindwa kuongea. Picha ilikuwa na mstari mweupe upande wa kushoto, nikajibu damu imevuja. Kumbe ni bonge la damu ndani ya mshipa!

Mwenzangu anasema nitazame umbo: bonge hufuata mshipa mmoja, damu iliyovuja ndani ya ubongo hufanya dimbwi. Lakini inayovujia juu ya ubongo nayo huingia kwenye mifereji kama mistari. Hapo mnatofautishaje?