Naomba ushauri: msamiati ninao, lakini insha zangu bado husomeka kama zimetafsiriwa

Mtahiniwa wa Kibinafsi

Wanajukwaa, hamjambo? Ninajiandaa kuufanya mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na karatasi inayonisumbua ni ile ya kwanza ya Kiswahili, 102/1, ambayo humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa saa moja na dakika arubaini na tano. Nina daftari lililojaa maneno magumu pamoja na maana zake, na ninayahifadhi maneno mapya kila jioni. Hata hivyo, mwalimu anayenisahihishia kazi huniandikia maneno yaleyale pambizoni: "Maneno unayo, lakini Mswahili hasemi hivi." Sijui nifanye nini na maoni kama hayo, kwa kuwa hanionyeshi Mswahili husemaje.

Nimenakili hapa aya moja ya insha yangu kuhusu mafuriko, ili mnijibu mkiwa na mfano mbele yenu:

"Usiku huo mvua kubwa ilianguka na mto ukavunja kingo zake. Niliposikia mayowe, nilikuwa na woga mkubwa. Asubuhi chifu alipeana hotuba fupi na kuuliza wanakijiji kuchukua uangalifu wa watoto wao. Tulipompata ndugu yetu mdogo akiwa hai, nilighubikwa na furaha isiyo kifani."

Je, niongeze msamiati zaidi, au tatizo liko kwingine?

Kalamu Moto

Ndugu, jibu ni nahau na methali. Mtahini akikuona umefungua kwa methali, ukatia nahau mbili tatu katika kila aya na kuongeza tashbihi, hawezi kukunyima alama. Hifadhi nahau mia moja, uzigawe kwa mada, kisha uhakikishe kwamba kila aya imepata mgao wake. Wenzangu wengi walipita kwa njia hiyo.

Mama Wawili

Mimi nilimfundisha binti yangu nahau za "piga" na "kata" kwa kumtungia maswali ya kujaza mapengo, naye alifanya vizuri sana. Katika karatasi ya pili maswali ya namna hiyo hayakosekani kwenye sehemu ya matumizi ya lugha, kwa hivyo mtahiniwa asiyapuuze. Nikipata nafasi nitaiweka hapa orodha niliyomwandalia.

Mwalimu Mstaafu

Mama Wawili, ahsante, lakini kijana anauliza kuhusu karatasi ya kwanza, ambako hakuna pengo la kujaza na kila neno ni lazima alitoe kichwani mwake.

Mwanangu, nimezisahihisha insha kwa miaka mingi, na aya yako naifahamu hata kabla sijaimaliza. Haina upungufu wa msamiati. Ulichokosa ni mazoea ya kujua neno gani huandamana na lipi. Kalamu Moto amesema kweli kwa upande mmoja, kwa kuwa nahau iliyokaa mahali pake huipandisha insha. Lakini "kutoa hotuba" si nahau, "mvua kunyesha" si nahau, na "kuchukua hatua" wala haipambi chochote. Hayo ni maneno yaliyozoeana tu, na ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya insha. Mtahiniwa anayefungua kwa methali nzito, kisha katika sentensi ya pili akaandika kwamba chifu "alipeana hotuba", humfanya mtahini aitilie shaka hata ile methali.

Tuitazame aya yako. Mvua kwa Kiswahili hunyesha; ukisema imeanguka, msomaji atakuelewa, lakini atajua kwamba umefikiri kwa Kiingereza. Hotuba hutolewa. "Kupeana" ni watu kupa wao kwa wao, kama wanaopeana zawadi au mikono, na chifu hakurudishiwa hotuba yoyote. "Kuuliza" hutaka jibu, na anayetaka jambo litendwe huomba, husihi au huagiza. "Kuchukua uangalifu" sijawahi kuisikia kwa Mswahili yeyote. Sisi huwaangalia watoto, tena kwa makini.

Hofu nayo ina utaratibu wake. Katika Kiswahili, mara nyingi hisia ndiyo hutenda, na mtu hutendwa: hofu ilinishika, usingizi ulinichukua, njaa iliniuma, hamu ilinijia, machozi yalimlengalenga. "Nilikuwa na woga mkubwa" si kosa la sarufi, na sitalipigia mstari, lakini mwandishi akiandika hivyo kwa kila hisia, simulizi yake hupooza.

Sasa nifike kwa "kughubikwa na furaha", kwa sababu hapo ndipo daftari lako lilipokuponza. Bila shaka uliandika humo kwamba kughubikwa ni kufunikwa kabisa, na maana hiyo ni sahihi. Daftari halikukwambia kwamba kinachomghubika mtu ni giza, huzuni, simanzi au wingu. Furaha haighubiki, hujaa moyoni. Kosa la namna hii halionekani kwa anayejua maana ya neno peke yake, kwa hiyo ukizidi kuongeza maneno magumu kwa mtindo huo utaongeza na makosa. Vivyo hivyo, mtu hukumbwa na janga, hakumbwi na ufanisi. Na jambo "linalosababishwa" katika insha huwa ni hasara, ajali au vifo.

Aya hiyo mimi ningeiandika hivi: "Usiku huo kulinyesha mvua kubwa, mto ukavunja kingo zake. Niliposikia mayowe, hofu ilinishika. Kulipopambazuka, chifu alitoa hotuba fupi na kuwasihi wanakijiji wawaangalie watoto wao kwa makini. Tulipompata ndugu yetu mdogo akiwa hai, furaha ilinijaa moyoni." Uone kwamba hakuna neno gumu hata moja nililoongeza, na kwamba "ukavunja kingo zake" nimeiacha kama ulivyoiandika, kwa sababu mto uliofurika husemwa hivyo hasa.

Mtahiniwa wa Kibinafsi

Shikamoo, Mwalimu. Nimeelewa kilichoharibika, lakini sijaelewa namna ya kujifunza. Kamusi hunipa maana ya "hotuba" bila kunieleza kwamba hotuba hutolewa. Je, nianze daftari jingine?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Daftari ni lilelile, ila ligeuze mpangilio. Kamusi zetu huiweka misemo mingi chini ya kitenzi, hivi kwamba "piga simu" na "piga pasi" utazikuta chini ya "piga", ilhali mwandishi wa insha anayo nomino tayari na anachotafuta ni kitenzi chake. Kwa hiyo iweke nomino juu ya ukurasa, kisha ukusanye chini yake vitenzi vyake, sifa zake na sentensi moja nzima uliyoinakili kutoka kwa mwandishi wa kuaminika.

Chukua "mvua". Mawingu hutanda, mvua huanza kwa manyunyu, hunyesha, huzidi, kisha hukatika. Watu hunyeshewa na kulowa chapachapa. Mvua huwa kubwa au ya rasharasha, ya masika au ya vuli. Ukurasa huo mmoja una tukio zima ndani yake. Halafu chukua "ajali": hutokea, mtu huipata, dereva huisababisha, wengine hunusurika, majeruhi hukimbizwa hospitalini. Usianze na nomino mia moja. Anza na zile ambazo huzikwepi katika hotuba, ripoti, barua na masimulizi, nazo si nyingi.

Unakili hasa vitenzi vikiwa vimekwisha kunyambuliwa na kupatanishwa na nomino. Ukihifadhi "hatua zinazofaa zichukuliwe", umepata kitenzi, sifa na upatanisho wa ngeli kwa pamoja, wala hutahangaika na "vichukuliwe" au "ichukuliwe" saa ya mtihani ikikubana. Baada ya siku kadhaa, kifunike kitenzi kwa mkono na ujaribu kukitaja. Ukitaja kile ambacho Kiingereza kingekupa, hicho ndicho cha kurudia.

Kwa kunakilia, tahariri na ripoti za Taifa Leo zinafaa, ila usinakili kila unachokiona gazetini. Mseto wa maneno usipoukuta kwa waandishi tofauti, usubiri kwanza.

Musoke wa Kampala

Naomba kuongeza jambo kutoka upande wetu, ingawa mitihani yetu ni tofauti. Mimi ni Mganda na ninajifunza Kiswahili ukubwani. Niligundua kwamba mingi ya misemo hiyo sikuhitaji kuihifadhi kabisa, kwa sababu hata kwa Kiganda simu hupigwa, picha hupigwa, na njaa humuuma mtu. Nilipokuwa nikipitia Kiingereza ndipo nilipoandika "kuchukua picha" na "kufanya simu". Tangu hapo, kabla ya kuandika, hujiuliza kwanza jambo hilo husemwaje nyumbani. Sijui kama njia hii ingemfaa kila mtu.

Mwalimu Mstaafu

Hoja nzuri, Musoke, na kwa Wakikuyu pia simu hupigwa. Lakini ni kipimo cha kukushtua tu, hakikupi hakika, kwa kuwa kila lugha ya Kibantu ina mazoea yake ambayo Kiswahili hakiyatambui. Nimewahi kuisoma misemo iliyohamishwa nzima kutoka lugha ya mama, na ilikuwa migumu kueleweka kuliko ile iliyotoka Kiingereza.

Kalamu Moto

Nakubali kuhusu "kupeana", ingawa nchi nzima huongea hivyo. Lakini, Mwalimu, usimkatishe tamaa kijana kuhusu nahau. Insha ya kuanzia alama 16 hadi 20 haiwezi kuwa na "kutoa hotuba" na "mvua ikanyesha" peke yake. Mtahini anataka kuuona ukwasi wa lugha. Mathalani, badala ya "aliamua", aandike "alikata kauli".

Binti Mvita

Hapo naomba kuingilia. Kwetu Mombasa, mgonjwa akisemwa kwamba amekata kauli, jamaa huanza kuitana, kwa maana hawezi tena kusema na huenda hana muda mrefu. Ninafundisha darasa la mtihani, na kila mwaka huzisoma insha ambazo ndani yake baba "alikata kauli" kumpeleka mwanawe shule ya bweni. Huyo baba amekwisha kuwa mahututi, atampelekaje?

Mwalimu Mstaafu

Binti Mvita, maana hiyo ya pwani ni ya kweli, ila shuleni "kukata kauli" kwa maana ya kuamua kumeenea mno, na mimi nilipokuwa nikisahihisha sikuwa nikimwadhibu mtahiniwa kwa hilo. Kijana aandike "alikata shauri", isiyo na utata wowote. Kuhusu ukwasi, Kalamu Moto, sijapinga nahau. Nasema ije baada ya msingi, na ije pale tukio linapoihitaji. Nahau moja ndani ya aya ambayo vitenzi vyake vyote viko na wenzao huonekana zaidi kuliko tano zilizorundikwa.

Binti Mvita

Tutofautiane kwa heshima, Mwalimu. Makosa yakienea hayawi sanifu kwa sababu tu ya wingi wa wayasemao, ama sivyo na "kupeana hotuba" tungeipitisha leo. Mimi nitaendelea kuipigia mstari.

Kalamu Moto

Dada, lugha hukua. Na wanaokifundisha Kiswahili bara nao ni wenye lugha.

Mtahiniwa wa Kibinafsi

Nawashukuru nyote. Nimeanza na kurasa za "mvua", "ajali", "hotuba" na "mkutano". Kwenye "mkutano" nimeandika: huitishwa, hufanyika, hufunguliwa, huahirishwa, hufungwa. Nina shaka na "mkutano ulichukua nafasi", niliyoisikia redioni. Je, niiandike?

Binti Mvita

Usiiandike. Mkutano hufanyika. Anayechukua nafasi ni naibu mwenyekiti, mwenyekiti asipokuwapo.