Mtihani wa upishi Ujerumani: mafuta ya fraya yanamwagwa kwenye asilimia ngapi?

Mwanagenzi_wa_Baridi
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Ujerumani, mwaka wa 3 sasa najifunza upishi kwenye hoteli moja, na wiki ijayo nina mtihani wa vitendo wenye mahojiano. Watahini hupenda kuuliza mambo ya mafuta ya kukaangia. Swali: pola, yaani ile asilimia ya mafuta yaliyokwisha kuharibika kwa kukaangia, ikifika ngapi mafuta yanamwagwa? Daftari langu la shule linasema 24, rafiki yangu aliyeko Austria anasema 27, na kuna mahali nimeona 25. Silali vizuri. Naombeni jibu fupi tu, nitashukuru.

Jongoo_Mtambuzi
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale na sahani yangu ya chipsi.

Mama_Maandazi
Mwanangu, mimi mafuta yakianza kuwa meusi nayatia kitunguu na kipande cha tangawizi, yanachemka, uchafu wote unanasa humo. Naongeza kidogo jipya, biashara inaendelea. Miaka 11 sijamwaga karai zima. Hao Wazungu wana hela za kuchezea.

Mpishi_Maskati
Zote 3 ni sahihi, inategemea uko nchi gani. Ufaransa, Ubelgiji, Hispania na Italia wanasimama kwenye 25. Austria na Uswisi 27. Ujerumani ni 24, namba ambayo wataalamu wa kukaanga walikubaliana mjini Hagen mwaka 2000, na wakaguzi wanaitumia. Mbele ya mtahini wa Kijerumani jibu ni 24. Ila anza na pua na ulimi, maana mafuta yenye harufu ya rangi ya mlango na ladha inayokwaruza koo yanamwagwa hata mita ya kupimia pola ikisema 18.

Nimefanya kazi Hamburg miaka 6 kabla ya kuja huku Omani. Sijaona mtu anayekosa usingizi kwa kutojua 24 na 27. Wewe umepima nini, mdogo wangu?

Karatasi_Tu
Mita ni gharama bure. Sisi tunachovya karatasi zile zenye mistari ya buluu, mistari ikigeuka njano unamwaga. Hauhitaji mambo ya pola. Mwambie mtahini hivyo.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Asante kaka wa Maskati. Sijapima kitu kibaya. Naenda na daftari la fraya la wiki 2 kwenye mtihani, nimelijaza mwenyewe. Jumatatu 17, Jumatano 18.5, Ijumaa 19.5. Kila kitu kiko chini ya 24. Nilitaka uhakika tu.

Mpishi_Maskati
Fraya ya lita ngapi? Na Ijumaa ulipima kabla au baada ya kuongeza mafuta mapya?

Mwanagenzi_wa_Baridi
Lita 12. Kuongeza ni kawaida, kila jiko linaongeza.

Mpishi_Maskati
Sijauliza kama ni kawaida.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Sawa. Ijumaa asubuhi nilipima nikapata 27. Nikachota lita 4 nikamwaga, nikaweka lita 4 mpya, nikapima tena, 19.5. Hiyo ndiyo niliyoandika. Mita ndiyo iliyosema, sikubuni namba. Mpishi mkuu wetu naye hufanya hivyo bili ya mafuta ikipanda. Na chipsi za Ijumaa zilitoka vizuri tu, hakuna mgeni aliyerudisha sahani.

Dada_Kiko
Hapo ndipo vijana wetu wanapoharibu majina ya wenzao. Umevuka bahari kwenda kujifunza kudanganya? Ukifika kwenye hoteli yako mwenyewe utawalisha watu nini?

Jongoo_Mtambuzi
Dada, amevuka kwa ndege.

Mpishi_Maskati
Tutulie. Kuongeza si kosa. Chipsi zikitoka zinabeba mafuta, kina kinashuka, unajazia. Jiko linalokaanga sana na kujazia kila siku linaweza kukaa kwenye 15 au 16 muda mrefu bila udanganyifu wowote. Kosa ni kuchukua mafuta yaliyokwisha kuvuka mpaka na kuyachanganya yashuke. Mtahini atalijua hilo kwa kalamu. Mafuta mapya hayako sifuri, tuseme yako 5. Lita 8 za 27 ni 216, lita 4 za 5 ni 20, jumla 236, gawa kwa 12 unapata 19.7. Mita zetu zinaruka kwa nusu nusu, kwa hiyo 19.5 ni sawa kabisa. Hesabu yako imekaa, na ndiyo inayokusaliti: theluthi mbili ya fraya yako bado ni yale mafuta ya 27. Hakuna kilichotoka humo isipokuwa zile lita 4.

Hakimu_wa_Nyuzi
Mimi naona hii ni chai. Tena chai ya maziwa. Jumatano 18.5, Ijumaa asubuhi 27? Siku moja ya kazi imepandisha 8.5, wakati kutoka Jumatatu hadi Jumatano ilipanda 1.5 tu? Mafuta hayaendi hivyo. Jamaa amechukua namba mtandaoni akatunga kisa apate maoni. Hata hesabu imekaa vizuri mno.

Jongoo_Mtambuzi
Naongeza sukari.

Karatasi_Tu
Hakimu kasema kweli. Mimi nauza kuku wa kukaanga, mafuta yanapanda taratibu. Halafu kulikuwa na yule kijana wangu aliyeweka chumvi kwenye kuku akiwa juu ya karai, mafuta yote yakawa meusi, nikamkata mshahara...

Mpishi_Maskati
Swali la Hakimu ni zuri. Kuna njia 2 za kupata ruko kama hilo. Ya kwanza, kipimo kibaya. Mwanagenzi, ulichovya mita chipsi zikiwa zimetoka sasa hivi? Maji bado yanatoka kama viputo, na mita inasoma umeme, maji yanaipandisha. Unatoa chakula, unangoja viputo viishe kabisa, dakika 5 hivi, ndipo unachovya, mbali na chuma cha kupashia moto.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Ilikuwa asubuhi, hakuna chakula kilichoingia. Viputo havikuwepo.

Mpishi_Maskati
Basi na hesabu inakuunga mkono. Kama 19.5 ya pili ni sahihi, ukirudi nyuma unapata karibu 27 ile ile. 27 ya uongo isingeshuka kwenye 19.5. Ingekuwa 20 ya kweli, baada ya kuchanganya ungesoma 15. Inabaki njia ya pili. Alhamisi usiku nini kilitokea?

Hakimu_wa_Nyuzi
Kimya. Chai imepoa.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Nilikuwa nafua nguo jamani, si kimya.

Alhamisi nilifunga jiko mimi. Nilisahau kuzima fraya. Ilikaa kwenye 180 toka saa 5 usiku hadi nilipoingia saa 12 asubuhi, haina kifuniko. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana nilipima peke yangu asubuhi ile. Nikimwaga lita 12 zote mpishi mkuu ataniuliza kwa nini, na yeye ndiye anayesaini kabrasha langu. Mafuta yenyewe hayakuwa meusi! Rangi ya chai ya rangi tu, yanaonekana mazuri kuliko ya Jumatano.

Dada_Kiko
Kumbe. Ungeunguza hoteli na wageni wamelala.

Hakimu_wa_Nyuzi
Sawa, naondoa maziwa. Lakini saa 7 zinatosha kupandisha 8.5?

Mpishi_Maskati
Ni nyingi. Mimi ningetegemea kidogo kuliko hapo, na sitakuapia. Inategemea ni mafuta gani. Alizeti ya kawaida haivumilii kama mawese. Mita zenyewe zinakosea mpaka 2 juu au chini, huenda Jumatano ilikuwa 20 na Ijumaa 25. Lakini mwelekeo naukubali. Fraya ikiwa na chakula, mvuke unaotoka huziba hewa kidogo juu ya mafuta. Fraya tupu iliyowaka imelala wazi kwa hewa na moto usiku kucha, molekuli zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Hapa nirudi kwa ndugu Karatasi, maana ushauri wake ungemponza huyu kijana. Karatasi zile zinapima asidi huru, na asidi hiyo inazaliwa sana pale maji ya chakula yanapokutana na mafuta ya moto. Kwa kuku wako mbichi ni kipimo kizuri. Fraya iliyoungua usiku bila chakula haikupata maji, kwa hiyo karatasi ingeweza kubaki na mistari ya buluu huku pola iko juu. Rangi nayo vilevile. Weusi mwingi unatoka kwenye unga, sukari na makombo. Usiku ule hakukuwa na makombo, ndiyo maana uliona mafuta mazuri.

Karatasi_Tu
Nimekaanga miaka 9 na karatasi na sijawahi kumuua mtu. Lakini hilo la maji sikulijua.

Mpishi_Maskati
Kwa mtihani: ukienda na 19.5 pekee, swali la pili la mtahini litakuwa "ulibadilisha lini?", na la tatu "uliongeza kiasi gani?". Mwandikie Ijumaa zote mbili, 27 saa 12 asubuhi, lita 4, 19.5. Na uandike sababu.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Nikiandika sababu sipati saini. Nilifikiria niandike tu kwamba niliongeza lita 4, bila ile 27. Si uongo huo.

Dada_Kiko
Ni uongo wenye viatu.

Hakimu_wa_Nyuzi
Fraya hiyo bado inafanya kazi leo? Pima tupe namba, tukuamini.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Nimepima sasa hivi, Jumapili, baada ya kungoja dakika 5. Mara 3: 23, 23.5, 23. Ukingo wa fraya unanata, nikipangusa kitambaa kinashika. Mpishi mkuu kapita, kaangalia mita, kasema bado kuna moja, tukaange hadi Jumanne.

Mpishi_Maskati
Imepanda 3.5 kwa siku 2, na ukingo unanata. Hiyo ni ile theluthi mbili inafanya kazi yake. Kwa mita inayokosea 2, 23 na 25 sitazitofautisha. Mimi ningeimwaga usiku huu. Yeye ana haki ya kusema haijavuka. Mwambie habari ya Alhamisi, uone kama bado atasema Jumanne.

Mwanagenzi_wa_Baridi
Yuko kwenye zamu mpaka saa 4. Nitaona.

Mama_Maandazi
Sasa mimi wangu nimwage au nisimwage? Hamjanijibu tangu juzi.

Mpishi_Maskati
Mama, kitunguu kinaficha harufu, pola hakigusi. Weusi wako ni sukari na unga, chuja kwa kitambaa kila jioni mafuta yakipoa. Ukiona povu dogo dogo linapanda karai zima na halishuki hata ukitoa maandazi, na moshi unaanza kabla maandazi hayajaiva, hapo mwaga yote.

Mama_Maandazi
Povu hilo ninalo toka Ramadhani.