Tupeane uzoefu: Ofisi ya serikali imejibu malalamiko yako. Ulijuaje unatakiwa kufanya nini, na mwisho lini?

Gombo la Jioni

Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu alilalamika kwamba michango yake ya pensheni ya kazi ya zamani haionekani. Leo amejibiwa, na nyumba nzima tumeisoma barua kila mtu akatoka na lake. Shemeji anasema wamekataa. Mama anasema wamekubali, imebaki kukamilisha tu. Kaka mwenyewe anasema ni ya kumjulisha, hakuna anachodaiwa. Nimenakili aya zenyewe:

> 2. Ofisi imepokea malalamiko yako na kuyafanyia uchambuzi.
>
> 3. Katika uchambuzi huo imebainika kwamba michango ya kipindi unachokitaja haimo katika kumbukumbu zetu. Aidha, jina lililo kwenye hati zako za mshahara linatofautiana na lililosajiliwa, hali inayohitaji kuthibitishwa kwa hati ya kiapo.
>
> 4. Kwa barua hii, unaombwa kuwasilisha nakala zilizothibitishwa za vielelezo vilivyoorodheshwa katika Kiambatisho A, kupitia kwa mwajiri, ndani ya siku kumi na nne (14) tangu tarehe ya barua hii.
>
> 5. Endapo vielelezo havitapokelewa katika muda huo, shauri lako litahesabika kuwa limefungwa.

Barua ina tarehe 3 Machi, Jumatatu. Imemfikia leo, Jumatano tarehe 12. Waliowahi kupata barua za namna hii, mlizisomaje? Leteni visa vyenu, hata vya ofisi nyingine na malalamiko mengine.

Siwema

Pole kwa kaka. Mimi nilishawahi kupata moja iliyoanza kwa "ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi", ikaishia hapohapo. Nilisoma nikitafuta siku, hakuna. Nilitafuta kitu cha kupeleka, hakuna. Basi hiyo nikaiweka kwenye faili na kusubiri, na kweli baadaye ikaja nyingine yenye masharti. Ya kaka yako siyo ya aina hiyo. Ina namba ya siku ndani yake, na barua ikishakuwa na namba ya siku siiachi mezani.

Mchumia Juani

Msimtishe bure mtu. Wamesema "unaombwa". Kuombwa si kuamriwa. Halafu siku za ofisi ni siku za kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kuanzia tarehe 4 hadi siku ya kumi na nne ya kazi unaangukia Ijumaa tarehe 21. Muda upo.

Karani wa Masjala

Nimefanya kazi masjala maisha yangu yote ya utumishi, barua hizi zimepita mikononi mwangu kwa magunia. Mchumia Juani, hesabu yako ya siku za kazi umeipiga sawasawa, ila umeihesabia barua nyingine. Ofisi inapotaka siku za kazi huandika "siku kumi na nne za kazi". Hapa imeandika siku tu, na siku tu ni za kalenda, wikiendi zikiwemo. Siku ya kwanza ni tarehe 4, ya kumi na nne ni tarehe 17, Jumatatu. Na kuna maofisa wanaoihesabu tarehe ya barua yenyewe kuwa siku ya kwanza. Kwao mwisho ni Jumapili tarehe 16. Kwa hiyo mimi ningelenga Ijumaa tarehe 14, nisiingie kwenye ubishi huo kabisa.

Kuhusu "unaombwa": lugha ya ofisi ni ya adabu, haitakuambia "lazima". Ili ujue kama ombi ni amri, tazama kama kuna adhabu nyuma yake. Nilipokuwa nawasomea wananchi barua zao pale dirishani, nilikuwa naanza na aya yenye "endapo", "vinginevyo" au "kushindwa kufanya hivyo", ndipo narudi juu. Hapa ni aya ya 5. Inasema shauri litafungwa. Maana yake kila kilichoombwa juu yake ni sharti.

Isome tena hiyo aya ya 5, ina neno "havitapokelewa". Haikusema "havitatumwa". Kutia posta Ijumaa hakumsaidii, vielelezo viwe vimefika na kugongwa muhuri wa kupokelewa ndani ya siku hizo.

Gombo la Jioni

Shikamoo mzee. Hapo umeniamsha. Yaani barua imekaa njiani siku tisa, na hizo tisa zimeliwa katika zile 14?

Karani wa Masjala

Marahaba. Ndivyo ilivyo kwa barua iliyoandikwa "tangu tarehe ya barua hii". Ingeandikwa "tangu kupokea barua hii", angekuwa na hadi tarehe 26. Na zote hazikukaa njiani. Barua hupigwa chapa ikiwa na tarehe, ikangoja sahihi ya mkubwa, ikarudi masjala, ikaingizwa kwenye daftari la barua zinazotoka, ndipo ikaenda. Ndiyo maana nasema bahasha isitupwe. Muhuri wa posta unaonyesha barua imetoka lini, na huo ndio ushahidi wake akiomba kuongezewa muda.

Sasa mmemsaidia kuhesabu siku, lakini bado hamjamhesabia vitu. Wote mmeangalia aya ya 4. Rudini aya ya 3 baada ya "aidha". Hati ya kiapo imeombwa pale, na nitashangaa ikiwa imo kwenye Kiambatisho A. Mwandishi wa barua aliiweka pale kwa sababu ndipo alipokuwa akizungumzia jina. Watu hupeleka kiambatisho chote kikamilifu, halafu faili inarudishwa kwa kukosa kitu kilichotajwa kwenye aya ya maelezo.

Gombo la Jioni

Nimekimbilia kiambatisho sasa hivi. Kina hati za mshahara za kipindi hicho, barua ya ajira na barua ya kuacha kazi. Kiapo hakimo.

Siwema

Halafu "zilizothibitishwa" siyo fotokopi ya kawaida. Zinatakiwa zigongwe na mwenye mamlaka ya kuthibitisha, akiona nakala halisi kwa macho yake. Akienda kwa wakili kwa ajili ya kiapo abebe na hizo nakala halisi, amalize yote kwa safari moja.

Tabasamu la Kusini

Jamani mimi nililalamika kuhusu mpaka wa kiwanja na hadi leo sijajibiwa chochote. Niandike barua ya namna gani ili wanijibu haraka?

Siwema

Tabasamu, hapa tunazungumzia waliokwisha kujibiwa. Ila tafuta kwanza nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Kama huna, huenda kwao hujalalamika bado.

Tabasamu la Kusini

Mh. Nilimkabidhi mlinzi.

Bahari Kuu

Nichangie la baba mkwe, maana lilitufundisha kwa gharama. Aliletewa jibu la malalamiko ya makadirio ya kodi ya jengo. Aya tatu za kwanza zilikuwa maelezo matupu, za upole kabisa. Aya ya mwisho, juu kidogo ya sahihi: uamuzi huu ni wa mwisho kwa ngazi ya ofisi hii, asiyeridhika akate rufaa kwenye bodi iliyotajwa ndani ya siku 30. Mzee alikasirika, akakaa akaandika barua ya pili ndefu kwa ofisi ileile, akieleza upya mambo yaleyale. Ofisi ikamjibu kwa heshima kwamba msimamo ni ule wa awali. Alipokwenda kwenye bodi, siku 30 zilikuwa zimepita, zikihesabiwa tangu barua ya kwanza. Alijitetea kwamba alikuwa bado anawasiliana na ofisi. Haikumsaidia.

Kwa hiyo siku hizi nikipokea jibu lolote naangalia kwanza: je, wamenirudishia mpira nikamilishe kitu, au wameshaamua na kunionyesha mlango wa rufaa? Ya kaka wa Gombo ni ya kwanza. Shemeji na Mama wote wamekosa, hawajakataa wala hawajakubali.

Mchumia Juani

Sawa nimeelewa za kalenda. Lakini siku ya mwisho ikiangukia sikukuu au Jumapili, si inasogea hadi siku ya kazi inayofuata? Hiyo nina uhakika nayo.

Karani wa Masjala

Mahali pengi ni hivyo, kwa muda uliowekwa na sheria. Muda uliowekwa na ofisa kwenye barua yake, nimeona wengine wanausogeza na wengine wanakataa. Usiupangie ratiba.

Gombo, ushauri wangu huu hapa. Kesho Alhamisi kaka aende kwa wakili na akitoka huko apite kwa mwajiri. Mwajiri akichelewesha, kaka asingoje hadi Jumatatu. Aandike barua fupi ya kuomba kuongezewa muda, aipeleke kabla muda haujaisha, si baada yake. Aseme barua aliipokea tarehe 12, aambatishe nakala ya bahasha, ataje tarehe anayoomba, na alivyonavyo tayari aviwasilishe hapohapo. Juu aandike ile Kumb. Na. yao yote, na mikwaju yake na namba ya mwisho. Barua isiyo na kumbukumbu inafunguliwa faili jipya, na ofisa anayengoja majibu kwenye faili la zamani haioni. Abebe nakala ya pili, igongwe muhuri na tarehe, arudi nayo nyumbani.

Bahari Kuu

Mzee, na akituma kwa barua pepe je? Kwenye kichwa cha barua si huwa wanaweka anwani?

Karani wa Masjala

Wanaweka, na wakati wangu tulikuwa tunazichapa na kuziingiza faili. Lakini nakala zilizothibitishwa zinatakiwa zionekane muhuri wenyewe. Atume kama tahadhari, asitegemee hiyo.

Siwema

Hapo mimi natofautiana kidogo na mzee. Ofisi niliyoshughulika nayo ilikubali skani, wakanitaka nilete karatasi baadaye, na tarehe waliyoihesabu ilikuwa ya barua pepe. Nadhani ni ofisi na ofisi.

Gombo la Jioni

Mrejesho, ni Alhamisi usiku. Kiapo kimepatikana na nakala zimegongwa. Tumekwama penye "kupitia kwa mwajiri". Barua haisemi mwajiri yupi. Wa zamani ndiye anayedaiwa kutopeleka michango, wa sasa hana kumbukumbu zozote. Kaka alipiga simu iliyo kwenye kichwa cha barua, aliyepokea akasema wa zamani. Akampigia ofisa aliyetajwa pale chini, yeye akasema wa sasa anatosha, apitishe tu na kusaini.

Karani wa Masjala

Asishike maneno ya simu. Kesho awasilishe kwa mkono moja kwa moja, pamoja na barua ya mwajiri wa sasa ya kupitisha. Ndani ya barua yake aulize hilo la mwajiri kwa maandishi, aombe na muda wa kumfikia yule wa zamani. Wakimrudisha dirishani, aombe jina na sababu.

Mchumia Juani

Na wa zamani akikataa kusaini? Maana huyo ndiye mwenye kesi.

Gombo la Jioni

Ndilo swali la nyumba nzima usiku huu. Aliyewahi kupitishiwa vielelezo na mwajiri anayemlalamikia, tafadhali aseme alifanyaje.